Sentensi Mbili Kuhusu Baba

Nafundisha Kiswahili sekondari moja hapa Itigi, na kitu kinachonichosha kuliko vumbi la chaki ni risala ya mahafali. Kila aya inaanza "Ndugu mgeni rasmi", basi. Ndugu mgeni rasmi, tumejengewa madarasa. Ndugu mgeni rasmi, wasichana hatuna bweni. Mambo yamepangwa tu kama magunia ya alizeti, hakuna linalomvuta mwenzake, na mgeni rasmi mwenyewe anasinzia.

Mwaka mmoja msomaji wa risala alikuwa binti wa kidato cha nne, mtoto wa mfugaji wa huko vijijini. Miaka yote minne alipanga chumba karibu na stesheni, akijipikia, na mlango wake uliwahi kusukumwa na mlevi, habari zikafika hadi nyumbani kwao. Mdogo wake alikuwa anamaliza la saba, na baba yao alishasema huyo sekondari haendi. Baba angekuja kwenye mahafali. Binti alitaka risala imlainishe.

Nikamrudishia rasimu. "Wewe, mbona unatupatupa maneno? Bweni hakuna. Kwa hiyo? Mshike msikilizaji mkono bwana!"

Akafuta "ndugu mgeni rasmi" karibu zote, akaanza kuunga. Ingawa madarasa tunayo, bweni hatuna. Kwa hiyo wasichana tunapanga mitaani. Risala ikaanza kutembea. Mwishoni zikabaki sentensi mbili: "Baba hataki mdogo wangu aje sekondari. Baba anatupenda." Katikati, kimya.

"Ziunge," nikamwambia.

"Baba anatupenda. Hata hivyo, hataki..." Akasita. "Hapana, mwalimu. Hapo nimemsema vibaya baba yangu."

"Sasa?"

Akalikata lile "hata hivyo" kwa kalamu. "Hataki, kwa sababu anatupenda."

Akalia palepale. Nilimpenda mno mtoto yule. Nikampa ncha ya kitenge changu ajifute.

Siku yenyewe alisoma bila kutetemeka. Mgeni rasmi akasema suala la bweni amelichukua. Aah, hiyo tunaijua. Macho yangu yalikuwa kwa baba, nyuma kabisa na fimbo yake. Iliposomwa ile "kwa sababu anatupenda", alivua kofia akajifunika nayo uso. Kisha akaondoka bila kuniaga, nikaumia kweli. Nikajua tumeshindwa.

Januari nikasikia hodi nyumbani kwangu. Alikuwa baba yule, na godoro limefungwa kamba begani. Nyuma yake kabinti kameshika ndoo, kakaniamkia shikamoo kwa sauti ndogo.

"Mwalimu," baba akasema, "bweni bado hakuna. Hata hivyo, nimemleta." Akatua godoro kibarazani kwangu. "Kwa hiyo atalala kwako."

Wala hakuuliza kama nafasi ipo. Nikapokea ndoo, nikaiingiza ndani.