Sehemu ya Tano ya Mama Kyakimwa

Sokoni walimwita Mama Kyakimwa kichwa kigumu, na kusema kweli hawakumwonea. Mwanamke wa Butembo, anauza maharage na unga kwa jumla hapa Lubumbashi, halafu faida yake anaitia kwa vijana wasio na kitu ila wazo! Wala hakuwakopesha. Alinunua sehemu ya kampuni: ikifa, fedha zake zafa nayo, hana wa kumdai, ikinona, naye anakula.

Kati ya kampuni sita, nne alishazizika. Lakini ile ya Abigaëlle, ya pampu za maji, ilikua mpaka mfuko mmoja wa wawekezaji wa Kinshasa ukanunua sehemu yake kwa mara kumi na nane ya alichotia. Hiyo moja ililipia makaburi yote manne, na chenji ikabaki. "Mukopo unarudisha riba ya kijiko," alipenda kusema. "Sehemu haina kifuniko."

Ya sita ilikuwa ya Stanislas, mjukuu wa watu wa reli, aliyetengeneza makasha ya baridi ya umeme wa jua ili kuleta samaki kutoka Kilwa, ile ya huku kwetu ziwani. Kyakimwa alitia dola elfu nane kwa sehemu ya tano, yaani asilimia ishirini ya kampuni. Mvua zikakata barabara, makasha yakavunjika njiani, samaki wakaoza, wateja wakakimbia.

Kisha, mwanzoni mwa 2025, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi. Kyakimwa alikuwa na depo kule, ghala la maharage yake; ikaporwa hadi milango, benki zikafungwa, na wiki chache baadaye dada yake aliyeishi kule akamfikia na watoto tisa, nguo ni zile za mwilini.

Ndipo Stanislas akaingia dukani na bahasha. "Mama, nimesikia mambo ya Goma. Hizi ni hati za nyumba yetu ya Ruashi. Muntu wa kununua iko tayari. Utapata feza yako yote."

Moyo ulimruka, tusidanganyane. Aliwaza wale watoto tisa, akaishika bahasha kwa nguvu. Kisha akasema, "Twende kwa mama yako."

Huko Ruashi walikuta kitanda na sufuria viko nje, tayari kuhamwa. Albertine, mama yake Stanislas, mjane, alikuwa amekaa juu ya godoro, amevaa kitenge cha misa.

"Karibu, mama," alisema. "Kwetu hatulalie deni ya muntu."

"Deni gani?" Kyakimwa alipaza sauti. "Nilimukopesha mutoto wako? Nilinunua! Nilijua inaweza kufa, ndiyo maana nilipewa sehemu kubwa kwa bei ndogo. Leo munilipe hasara, kesho ikipanda nikule faida? Huo si wizi?"

Albertine akaanza kulia. Kyakimwa akamwekea bahasha mapajani, naye machozi yakamtoka, akageuka haraka.

"Stanislas, kampuni imekufa?"

"Bado, mama. Kasha moja linafanya kazi."

"Basi shika kitanda huko," alisema, akabeba sufuria kubwa na kuingia nayo ndani.