Samaki wa Ghorofa ya Thelathini na Moja

Swali nililijua wiki nzima kabla ya kuulizwa. Mwenzangu wa chumbani, Mganda niliyelinda naye mnara mmoja wa makazi kule Marina, huku Uarabuni, alikuwa ameketi mbele ya watu walewale mwaka uliotangulia, akitafuta cheo kilekile cha msimamizi wa zamu, na hakukipata. Aliniambia wataniuliza ni mpango gani niliouanzisha ukaharibika, na baada ya hapo nilibadilisha nini.

"Lakini afande, husemi samaki walikufa," alisema. Alikuwa akinipigia shati pasi juu ya kitanda cha chini, maana hakuniamini na pasi. "Unasema kulikuwa na changamoto."

"Walikufa."

"Najua walikufa. Si mimi niliyewatazama? Wewe sema changamoto."

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili. Kampuni ilikuwa imeshatuambia kwamba mnara ule hautaongezewa mikataba ya walinzi wa kawaida. Ama nipate usimamizi, ama nirudi Kenya, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado mwaka wa pili chuoni. Nililifikiria jambo hilo kama mtu anavyofikiria hali ya hewa. Sikuogopa. Kwa muda mrefu nilikuwa sijaogopa chochote, wala sikuwa nimefurahia chochote, na nilidhani huko ndiko kukomaa.

Ofisi ya kampuni ilikuwa mtaa wa Ras Al Khor, juu ya duka la vipuri vya magari. Waliniketisha mbele ya watu watatu: meneja wa walinzi, mwakilishi wa wenye mnara, na mama mmoja wa idara ya wafanyakazi aliyevaa miwani yenye mnyororo. Tulizungumza Kiingereza. Changu ni cha kidato cha pili, nilipoachia shule, pamoja na kile nilichookota langoni.

Mama ndiye aliyeuliza. Nikaanza kama nilivyofundishwa: tulikuwa na mpango wa lifti ya mizigo, tukapata changamoto.

Meneja akainua kalamu. "Sisi ni nani?"

Nikamtazama. Mpango ulikuwa wangu. Nikasema, "Mimi, sir."

Basi nikawaeleza. Katika mnara ule mpangaji anayehamia huomba kibali kwa uongozi wa jengo, kisha hupangiwa saa ya kutumia lifti ya mizigo. Zamani saa zile hazikufuatwa. Mwisho wa mwezi malori yalibanana kwenye eneo la kupakulia, wapagazi wakagombana. Nikapendekeza kila mtu apewe saa tatu zake, na waombe kwangu, kwa ujumbe wa simu. Uongozi ukakubali. Kwa wiki tano mambo yalikwenda vizuri hata wapangaji wakaanza kuniita kwa jina.

Daftari la kaunta lilikuwepo, ila sikuandika kitu humo. Kila kitu kilikuwa kwenye simu yangu na kichwani mwangu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ndivyo nilivyozoea kufanya kazi.

Siku yangu ya mapumziko, mwezi wa nane, nilizima simu nikalala. Saa sita mchana familia ikaja na lori lao, kibali mkononi, saa yao nimewapa mwenyewe. Mwenzangu Mganda ndiye aliyekuwa kaunta. Akatazama daftari, hawamo. Amri ilisema asiyepangiwa saa haingii, akawazuia njiani kwenye jua. Akanipigia simu mara kumi na moja. Walikuwa na samaki wa mapambo, wamewatia kwenye ndoo mbili zenye vifuniko. Nilipoamka saa tisa na kupiga, wale samaki walikuwa wanaelea. Mwenye samaki alikuwa mzee, alikuwa akienda ghorofa ya thelathini na moja kuishi na binti yake. Hakugomba. Alimwomba mwenzangu mahali pa kumwaga yale maji.

Mwakilishi wa jengo aliuliza kosa lilikuwa la nani. Ningeweza kusema la mlinzi aliyekuwa zamu. Nilisema yeye alifuata amri, na amri niliitunga mimi.

"Ukabadilisha nini?"

Hilo nililijibu bila kufikiri. Maombi yote sasa huja kwenye simu ya kaunta, si ya mtu. Huandikwa daftarini hapohapo. Kwenye gwaride la kubadilishana zamu, anayeingia husoma kwa sauti malori yote ya siku ile, kisha anatia sahihi. Na kabla ya kutafuta jina la mtu daftarini, mlinzi humwingiza kwanza kivulini, yeye na mizigo yake. Hilo la mwisho tuliliongeza baada ya mwenzangu kusema, na mimi nikaliandika.

"Unajuaje kwamba linafanya kazi?" meneja akauliza.

Nikasema mwezi wa kumi na mbili niliumwa siku nne. Watu sita walihamia. Niliporudi niliyakuta majina yao daftarini kwa miandiko ya watu watatu, na hakuna aliyekuwa amenipigia simu.

Sikuwaambia kwamba siku ile nililisoma daftari nikajisikia kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kiti chake kimekaliwa.

Mama akavua miwani, ikaning'inia. "Umebadilisha daftari," alisema. "Na wewe je, umebadilika?"

Nikashika mkanda wa kitambulisho changu shingoni. Hapo, nyuma ya kadi, huwa nimefunga ufunguo mdogo. Ni wa sanduku la bati lililoko nyumbani. Wazazi wetu walipokufa, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za shamba na za hospitali vyote niliviweka humo nikafunga, kwa sababu ya wajomba waliolitaka shamba. Ufunguo nilikuja nao huku. Mwaka dada yangu alipotakiwa kupeleka cheti chake kujiandikisha mtihani, nilimwambia asubiri nije likizo. Sikupata likizo. Baadaye akasema mambo yalipangika, sikumuuliza yalipangikaje.

Nikasema, "Daftari, madam. Mimi bado."

Akaandika kitu. Meneja akasema nitajulishwa, inshallah.

Mwenzangu alikuwa akinisubiri chumbani. Nilipomweleza, aliketi kitandani akacheka hadi akafuta macho. "Wanakupa mlango wewe unajifungia. Nianze kukufungia mzigo?"

Siku ya tisa walinipigia. Nimepewa usimamizi, kwa majaribio ya miezi sita. Meneja alisema sharti la mama wa miwani ni kwamba katika mwezi wa kwanza nimfundishe naibu kila ninachokijua, na mwezi wa pili nikae siku tatu nje ya mnara bila simu. Nikasema sawa, sir. Nikajaribu kufurahi. Kilichokuja kilikuwa usingizi.

Jioni ile, kabla sijamwambia dada yangu kuhusu cheo, nilimtumia ujumbe: tafuteni fundi avunje kufuli la sanduku, kila mmoja achukue karatasi zake.

Kisha akaandika:

"Kaka, kufuli tulilivunja ule mwaka wa mtihani wangu. Tukanunua jingine linalofanana na lako, tukalifunga palepale. Hatukutaka ujisikie vibaya."

Niliusoma mara mbili. Mwenzangu aliuliza kutoka kitanda cha chini kama ni habari mbaya. Nikasema hapana, ni za nyumbani. Nikaufungua ule ufunguo kutoka kwenye mkanda, kazi iliyochukua muda kwa sababu fundo lilikuwa la zamani, nikamwandikia dada yangu kumuuliza ufunguo wa hilo kufuli jipya anao nani.

"Tunao sote watatu," akajibu. "Ufunguo wako tumekuwekea."