Jodari wa Uzi wa Njano

Ule mwaka tulikula mahindi ya njano, yale ya msaada kutoka Amerika. Ugali wake ulinuka gunia. Watoto wangu walisema ni chakula cha kuku, na kuku nao hawakukimbilia.

Shamba letu kando ya mto Sio lilikuwa limekauka. Nikapanda treni Malaba, nikashuka Mombasa kwa dada yangu. Mume wake, shemeji yangu, alikuwa karani wa ghala la barafu bandarini. Alinipa mahali pa kulala, akaniingiza kazi ya kuosha na kukata samaki. Bila yeye watoto wangu wangelala njaa, hilo nalisema wazi.

Siku moja meli ya Wajapani ilishusha jodari. Walitoka tumboni mwake wagumu kama magogo, ukigonga mmoja analia ko! Mitumbwi yetu haikuwa na mashine ya kugandisha hivyo; samaki wa mitumbwi walikuja laini, wamefunikwa barafu ya kuponda. Nikimwaga maji juu ya jodari mmoja, mkubwa kunizidi, nikaona mgongoni, karibu na pezi, uzi mnene wa plastiki, wa njano, una maandishi. Wenzangu wakasema hirizi. Mmoja akarudi nyuma, akaniambia mimi wa bara nimguse kwanza, eti watu wa bara ndio wenye dawa kali. Tukacheka. Nikauacha palepale, nikamwita bwana wa utafiti wa samaki; alikuwa kwa daktari, akaja kesho yake.

Yule bwana aliusoma mara mbili. Alituambia jodari huyu alivuliwa akiwa mdogo kule Australia, akapimwa, akachomekwa uzi, akaachwa aende zake. Sasa, kwa maneno ya mabaharia, amekamatwa upande huu mwingine wa bahari, kusini kabisa, kwenye maji baridi. Alisema jodari wa aina hii wakikomaa, wataalamu wanavyodhani, hurudi kuzaa sehemu moja tu yenye joto, karibu na Java. Kwa hiyo anayevua watoto kule na anayevua wakubwa huku wanachota chungu kimoja. Kila nchi ikijipangia peke yake, kitaisha, na hakuna atakayejua nani alikimaliza. Ndiyo maana lazima ijulikane samaki alianzia wapi na akashikwa wapi. Bila hayo mawili, uzi ni uchafu tu.

Wengine waliona ni hadithi. Mimi niliamini, uso ukawaka moto.

Kwa sababu nilimjua ningu, samaki wa kwetu. Mvua za masika zikianza, ningu walitoka ziwani na kupanda Sio kwenda kutaga. Baba yangu na ndugu zake waliziba mto kwa uzio wa matete, ukingo huu hadi ule, wakatega migono, mitego ya kusuka. Tulikula mpaka tukamwagia mbwa. Shangazi yangu aliyeolewa sehemu ya juu ya mto, upande wa Uganda, alikuja na kikapu kitupu. Akamwomba baba aache mlango mmoja tu, samaki wapite wakazae. Baba akamwambia maji yakiwa kwake ni yake, yakiwa hapa ni ya baba. Watu wakacheka, na mimi nilikuwa nimeshika mfupa wa ningu, nikila. Baadaye ningu wakapungua, kwake na kwetu pia. Uzio ukaozea mtoni.

Basi wakaja wageni, mabwana wa samaki kutoka serikali zetu za Afrika Mashariki, kumwona jodari. Shemeji akanivuta kando kabla hawajaingia. Alikuwa ameahidiwa usimamizi wa boti mpya kama bahari yetu ingeonekana ina jodari wakubwa. Alitaka niseme nilimpokea kutoka mtumbwi wa hapa.

"Shemeji, wewe ndiye uliyemwona kwanza. Watakuamini. Tuna uhuru sasa, hata samaki tuogope kumwita wetu?" akasema.

Nilimwambia, "Sitasema ametoka kwetu."

Akaniuliza nalala nyumba ya nani. Aliuliza polepole, bila hasira, na hapo ndipo nilipoona aibu zaidi, maana ilikuwa sauti ya baba yangu kabisa, na chakula cha shemeji kilikuwa bado tumboni mwangu.

Wageni wakaingia. Shemeji akatangulia, akawaambia huyu mama atawaeleza mtumbwi gani ulimleta jodari. Bwana wa utafiti akageuka kunitazama. Siku ya kushusha hakuwapo. Alitegemea yale aliyoambiwa tu. Dada yangu alikuwa mlangoni na chakula cha mumewe, akanikazia macho. Moyoni nilimwona shangazi na kikapu chake. Nilitazama sakafu, maji ya damu yakipita miguuni, sikuweza kumwangalia hata mmoja wao.

"Mama, ametoka wapi?" mgeni akauliza.

"Ametoka kwenye meli, ameganda kama gogo," nikasema. Shemeji akakohoa, akataja mtumbwi tena, akaniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, kama mtu anayeomba.

"Sitasema ametoka kwetu."