Kurasa Mbili za Madiwani

Mjukuu wangu alirudi na tasnifu ya chuo kuhusu pamba, nene kama tofali. Madiwani wakamwomba kurasa mbili tu. Akanisomea mimi, mzee wa darasa la tatu, aone kama naelewa. Alianza: "Mbegu zifike vijijini kabla ya mvua za kwanza."

Nikang'aka. "Ng'wanone, mwanangu, unaomba hata hujasalimia? Anza na ulivyozunguka Migato ukiwahoji wakulima!"

"Babu, hayo ya Migato ni sentensi moja tu, yatafuata chini. Diwani asipoona ombi hapo juu, anageukia chai."

Kwenye kikao cha pamba walilijadili ombi lake hadi wakalipitisha. Nami nikapewa nafasi kama mkulima, nikaanza na baiskeli yangu ilivyopata pancha Kasoli. Mwenyekiti akanishukuru kabla sijaziba tairi.