Zuio la Mwaka 2099

Asmahani wa Mwera hakuwa mtu wa kunyamaza akidhulumiwa, na asubuhi ile, chumbani kwake huko Marekani, aliamini kadhulumiwa. Alikuwa ameingia kwenye mfumo wa chuo kuangalia lini atajisajili masomo ya muhula wa Agosti. Siku aliiona: Aprili kumi na nne, saa tatu asubuhi. Chini yake palikuwa na maandishi mekundu yanayosema ana zuio moja.

Akabonyeza, likafunguka jedwali fupi. Aina ya zuio: ushauri wa masomo. Kinachozuiwa: kujisajili. Kuanzia Aprili mosi. Hadi Desemba 31, 2099. Mwisho kabisa, jina: Miraji Uweso.

Damu ikamchemka. Walimu wote wale, na mshauri wake wa masomo awe huyu! Mtu wa Mkwaja, si mbali na kwao Mwera, ndugu wa Luqmani, yule Luqmani aliyempa Tuhfa, dada yake Asmahani, talaka mbele ya wageni. Tangu siku hiyo nyumba mbili hizo hazipeani salamu. Idi ilipita siku mbili tu kabla ya zuio, na msikitini Miraji alimtakia Idi njema, naye Asmahani akageuza uso. Basi jibu si ndilo hili? Kamfungia mpaka 2099, azeeke afe hajasoma.

Angeweza kuuliza ofisini. Hakuuliza. Angeweza kusoma barua pepe alizokuwa akiletewa na Miraji. Hakuzifungua, eti hasomi maneno ya adui. Kwao, mtu akiweka pingamizi kwenye posa au shamba, jina lake hutajwa, na aliyewekewa huwatuma wazee kwa mwenye jina. Hivyo ndivyo alivyolisoma jedwali lile. Wazee Marekani hana, simu anayo. Akampigia mama yake.

Bi Zuwena naye, moto juu ya moto. Alipanda bodaboda mpaka Mkwaja, akamkuta Bi Semeni, mama yake Miraji, akianika mpunga uani. Hakumsalimu. Alimwambia, majirani wakisikia, kwamba kazaa wawili, mmoja mvunja nyumba, mwingine mfunga riziki za watu, na hata marehemu mume wa Bi Semeni hakusalimika na ulimi ule. Bi Semeni aliendelea kutandaza mpunga.

Aprili kumi na nne ikafika. Saa tatu kamili Asmahani akajaribu, mfumo ukamkatalia. Somo la takwimu ni la lazima, hufundishwa mara moja kwa mwaka, lina viti thelathini. Asipolipata hahitimu mwakani, na ufadhili wake unaisha mwakani. Akakaa kuangalia viti vikipungua: kumi na vinane, tisa, viwili, hakuna. Akalia kwa hasira.

Jioni akamwaga yote kwa Elizabeti, Mbondei wa Muheza anayesoma naye idara moja. Elizabeti alimsikiliza mpaka mwisho, uso umemkunjamana.

"Sote tuliwekewa, idara nzima, siku moja, na kompyuta," akasema. "Jina lile ni la mtu wa kumwona. Unakaa naye, anapitia masomo yako, analiondoa. Hiyo 2099 ni ya kujazia nafasi tu, kwa sababu zuio halina mwisho mpaka liondolewe. Barua zake hukusoma?"

Akazifungua. Mbili za kwanza zilimtaka achague saa ya kuonana. Ya tatu ilikuwa ya juzi: njoo hata bila miadi, takwimu hujaa mapema.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa Miraji. Miraji hakumkaribisha kiti. Alipitia masomo yake moja moja, akabonyeza, na yale maandishi mekundu yakatoweka. Hazikufika dakika tano. Takwimu ilikuwa imejaa, kwa hiyo Asmahani akajiandikisha kwenye orodha ya kusubiri. Wa kumi na moja. Akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kusaidiwa. Miraji akamjibu kwamba kuongeza kiti ni ruhusa ya mwalimu wa somo, na mwalimu huyo ameshakataa watu wengi. Asmahani akaanza kuomba radhi.

"Mimi hukunitukana," Miraji akamkata. "Mama yangu kanipigia analia, ananiuliza kakosa nini. Mwambie wewe."

Akapiga namba, akaiweka simu mezani, sauti juu. Kule Mkwaja ikapokelewa.

"Shikamoo, Bi Semeni," akasema Asmahani.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Asmahani akalitaja jina lake, na la mama yake. Kuku wakasikika uani.

Kisha simu ikakatwa.