Jina la Tano kwenye Runinga ya Rispah

Hebu mwone Rispah Nabwile akiingia kwake Bungoma kutoka sokoni, kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwani, mkononi. Hajavua hata viatu, runinga kwanza. Si kwamba anapenda sinema. Anachotafuta ni ule mstari mwekundu chini ya picha ya sinema ya mabondia, unaoonyesha mtazamaji amefika wapi, aone kama umesogea.

Ngoja nikueleze. Kitinda mimba wake, Ian, alitoka kwenda kutafuta kazi, na sasa ni miezi minane namba yake haipatikani. Ila aliondoka na akaunti ya sinema kwenye simu hiyo, ile ambayo dada yake Edah, aliyeolewa Kitale, huilipia. Familia nzima ilitumia profaili moja, "Nyumbani". Kila mstari ule uliposogea, Rispah alijiambia: leo mwanangu amekula, ameketi, anatazama. Hakumwambia mtu.

Jumamosi hiyo ya kikapu cha omena alimkuta Edah, aliyekuja kumtembelea, sebuleni ameshika rimoti.

"Mama, hii kitu imevurugika, bana! Tabby wangu akitafuta katuni, anapewa mahubiri yako. Leo kila mtu apate jina lake."

Akaingia penye kusimamia profaili. "Nyumbani" akaibadilisha jina ikawa "Mama", yote yaliyotazamwa yakabaki humo. Akaongeza "Edah". Akaongeza "Tabby", akaitia alama ya watoto.

"Na hii ya mabondia ni ya nani?"

"Ya Ian," Rispah akajibu upesi. "Mwandikie yake, aendelee."

Edah akamtazama mamake, kisha akampigia mumewe, Khaemba, simu ikiwa kwa spika. Khaemba ni mtu wa mila. Mama mkwe hapigi naye gumzo. Ndiyo maana mambo kama haya hayakuwahi kuulizwa.

"Baba Tabby, sinema ya mabondia ni nani huangalia?"

"Si ni mimi! Naangalianga hapa stoo ya mahindi, kidogo kidogo. Kwani Mama yuko hapo? Mwambie pole, kama nimemharibia."

Simu ikakatwa. Rispah akaketi, kikapu bado kiko mapajani, maji ya omena yakimlowesha rinda.

"Miezi yote hiyo," akasema. "Nilikuwa namwombea Khaemba usingizi mwema."

Edah hakucheka. Akaandika "Khaemba", polepole, kama anayeogopa kubonyeza herufi.

"Imebaki nafasi moja, Mama. Ni tano tu. Tuiache?"

"Andika Ian."

"Lakini itakuwa tupu. Kila ukiwasha utaiona tupu."

"Nitaiona. Na yeye akiwasha, ataona tulimwandika."

Edah akaandika herufi tatu. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kuhifadhi. Alimjua mamake: kuanzia kesho angeifungua profaili hiyo asubuhi na jioni, na hakuna Khaemba atakayesogeza kitu humo.

Wewe unayesoma, kama rimoti hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungebonyeza hifadhi?