Lita Alizoandika Bwana Rula

Si kweli kwamba Bwana Rula aliuza dizeli ya wakulima. Hakuuza hata lita moja. Wala hakununua mabomba membamba ili chenji imbakie mfukoni, kama wanavyosimuliana watu ambao siku ya kupitisha mabomba hayo walikaa viti vya mbele na kuinua mikono. Aliandika tarakimu moja isiyo sahihi, na kosa hilo alilijua yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Alikuwa mhazini wa skimu ya umwagiliaji wa vitunguu kwa miaka tisa. Wakulima arobaini, nusu ekari kila mmoja, na pampu moja ya dizeli kando ya mto. Jina la Rula alipewa na wakulima wenyewe, maana hakupiga mstari kwa mkono mtupu hata kwenye risiti ya kopo la grisi. Mkewe alimtania kwamba hata chumvi angeipima kwa rula kama ingekubali kujipanga mstari.

Mwaka huo bomba kubwa la kutoka pampuni, la inchi nne, lilikuwa limepasuka mara nyingi hata likafungwa raba kila hatua kumi kama mguu wa majeruhi. Bajeti ikasomwa kwenye mkutano mkuu. Ili kununua bomba jipya la inchi nne, ada ya maji ingebidi ipande kwa theluthi.

"Ipande tena? Kwani haya maji yanatoka dukani?" akauliza mama mmoja wa mashamba ya mwisho, na watu wakacheka.

"Ninyi huku juu mnaoga, sisi kule chini tunanusa tu," akadakia jirani yake.

Ndipo mtu mmoja akasema linunuliwe la inchi tatu, ada ibaki palepale. Maji ni maji, alisema. Mikono ikainuka. Bwana Rula akarekebisha mstari wa mabomba, akanyoosha jumla, akapiga mistari miwili chini yake. Mstari wa dizeli hakuugusa. Alinakili lita za mwaka uliopita, elfu mbili mia nane na themanini kwa wiki kumi na mbili, kwa kuwa pampu ni ileile, mashamba ni yaleyale na vitunguu ni vilevile.

Katika wiki ya tano aliona pipa linakauka upesi mno. Wizi ndio uliomjia kichwani kwanza. Akaenda kukaa pampuni siku nzima na daftari, akiandika saa ya kufungua na saa ya kufunga kwa kila shamba. Hapakuwa na mwizi. Shamba lililokuwa likishiba kwa saa mbili sasa lilikunywa kwa saa tatu.

Fundi wa pampu alikuwa akifuta mikono kwa tambara. "Mzee, bomba jembamba linabana maji. Unasukuma kwa nguvu ileile, yanayotoka ni machache. Utakaa muda mrefu zaidi."

"Mbona hukusema?"

"Mliniita kufunga bomba. Kwenye kura hamkuniita." Akacheka kidogo, kisha akaacha alipomwona mwenzake hacheki. "Mkulima anakulipa kwa shamba, mzee. Injini inakula kwa saa."

Bwana Rula akapiga hesabu papo hapo, daftari likiwa gotini. Lita sita za shamba moja kwa wiki zimekuwa tisa. Dizeli ya wiki kumi na mbili ingeisha wiki ya nane, wakati vitunguu ndiyo kwanza vinaanza kujaa. Kikikosa maji hapo, kitunguu hubaki kidogo kama gololi.

Alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu. "Mama watoto," alimwambia mkewe, "nimewaua watu kwa kalamu."

Aliitisha kamati katika ofisi ya skimu, chumba chenye meza moja na kabati la bati lisilofunga. Akaomba wakulima waongeze mchango. Mwenyekiti akakataa hata kuitisha mkutano. "Shemeji, ukiwaambia hivyo watasema tumekula. Iko akiba ya matengenezo. Chukua hiyo."

Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema beringi ya pampu imeanza kulia na sili, ile raba ya kuzuia maji, inavuja. Kubadilisha zote mbili ni kazi ya asubuhi moja, na bei yake haifiki hata dizeli ya siku nne. Zikiachwa, zitakula shafti na pampu itakwama.

"Itavumilia mpaka wiki ya kumi na mbili?" akauliza mwenyekiti.

"Pampu si mama mkwe, mwenyekiti. Haivumilii kwa heshima."

Walicheka, kisha wakapiga kura, na kura ikaangukia dizeli yote. Bwana Rula aliomba beringi inunuliwe kwanza. Ombi lake na kushindwa kwake vimo katika muhtasari wa kikao, kwa mwandiko wa katibu, kwa yeyote anayejua kusoma. Lakini hundi aliisaini. Hilo nalo ni kweli.

Akiba ile ilinunua wiki mbili. Wiki ya kumi ilipokwisha, mapipa yalikuwa yakilia yakigongwa, na mlio wa beringi ulisikika mpaka barabarani. Bwana Rula alipita shamba kwa shamba kuomba mchango. Walimpa maneno. Mmoja aliendelea kupalilia akimpa mgongo. Mwingine alimuuliza kama mkewe bado anakunywa chai ya maziwa.

Aliuza pikipiki yake, akanunua pipa moja la lita mia mbili. Lilitosha mashamba ishirini na mawili, si zaidi. Zamu siku zote ilianzia juu, na shamba lake lilikuwa la nne. Aligeuza zamu, akaanza na la arobaini, kwa sababu wa chini ndio waliokuwa wakipata maji ya mwisho na machache kwa msimu mzima. Alijua maana yake kwa shamba lake. Mkewe alijua pia. Alisimama kwenye tuta akaona majani yamelala manjano.

Walinywesha mashamba kumi na saba. Fundi alipaka grisi, akamwaga maji ya baridi juu ya beringi, akabembeleza injini kama mtoto mgonjwa. Kisha sauti ikabadilika, kukawa na mkwaruzo mmoja mrefu, na pampu ikakwama. Dizeli ilibaki ndani ya pipa, lita arobaini na ushee. Hizo ndizo wanazosema aliziuza. Fundi alizitia kufuli mbele ya mashahidi wawili.

Mashamba kumi na saba yalivuna nusu. Ishirini na tatu hayakuvuna kitu cha kupeleka sokoni, la Bwana Rula likiwamo.

Mkutano uliitishwa, safari hii upesi. Mama wa mashamba ya mwisho, aliyevuna magunia sita, ndiye aliyesimama.

"Lita za dizeli aliziandika nani?"

"Mimi," akasema Bwana Rula.

"Na bomba la inchi tatu lilikuwa wazo la nani?"

Watu wakageuka huku na huku. Mwenyekiti alikuwa akitazama simu yake. Bwana Rula aliweka daftari mezani, akaweka na funguo za ofisi juu yake.

"Bajeti ilikuwa yangu," akasema.

Walimvua uhazini kwa mikono thelathini na moja. Alirudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku hiyo hakukanyaga ofisi ile mpaka moyo wake ulipochoka, msimu uliofuata. Skimu ilinunua pampu nyingine. Bomba la inchi tatu lipo mpaka leo.

Aliyelitaka bomba hilo anajulikana, yu hai, na alikuja msibani akala. Bwana Rula hakumtaja mpaka anaingia kaburini. Nyumba yake haitamtaja pia, na mtu asije kuuliza.